Jinsi ya kuhamisha utani wa Kiingereza kwenye manukuu ya video bila kuua kicheko

Haya wadau karibuni, leo tunachukua utani mmoja tu tunaukarabati mwanzo mwisho mbele yenu. Klipu yenyewe ni hii, sanamu ya kufukuzia ndege iko katikati ya shamba na kombe mkononi, jamaa anauliza kwa nini imepewa kombe, alafu anajibu mwenyewe. Jibu la Kiingereza maana yake ni kwamba sanamu ilikuwa bora kupita wote kwenye fani yake. Sasa neno hilo la fani kwa Kiingereza ndo hilohilo la shamba, na neno la kuwa bora ukilikata katikati linasikika kama kusimama nje, kwa hiyo Mwingereza anasikia mambo mawili kwa mkupuo, bingwa wa fani na kitu kilichosimama shambani.

Ukiandika "ilikuwa bora katika fani yake" mtazamaji anaangalia ile sanamu anajiuliza fani gani. Ukiandika "ilisimama nje shambani" anasema ee naiona, kwani ingesimama wapi. Tafsiri zote mbili ni sahihi na hakuna anayecheka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabla hujaandika chochote, zima sauti uangalie picha. Andika vitu ambavyo huwezi kuvigusa kwa sababu vinaonekana, hapa ni sanamu, shamba na kombe. Manake ukileta utani wako mzuri wa daladala wakati kwenye skrini kuna mahindi, umepotea.

Hatua ya pili ndo yenye kazi. Usitafute Kiswahili cha yale maneno ya Kiingereza, tafuta maneno ya Kiswahili yanayozunguka picha yako ambayo yana maana mbili. Mi nachukua karatasi naandika yote, panda, ndege, kombe, shinda, hata yale ya kipuuzi. Ndege ilinivutia sana, "hairuhusu ndege kutua", unapata ndege wa porini na ndege ya abiria. Inachekesha, ila haielezi kombe limetoka wapi, nikaitupa. Alafu angalia shinda. Kushinda ni kupata ushindi, na kushinda ni kukaa mahali kutwa nzima, kama tunavyosema leo nimeshinda nyumbani. Hapo kombe limepata sababu na shamba limepata sababu, neno moja limebeba picha nzima:

"Kwa sababu kila siku inashinda shambani."

Sasa hatua ya tatu, pima. Manukuu watu wanayasoma huku wanaangalia, kipimo ninachotumia ni herufi 17 kwa sekunde, nafasi nazo zinahesabiwa, na mstari usizidi herufi 42. Sentensi yetu ina 40, inahitaji kama sekunde 2.4, na jamaa anajibu kwa sekunde 2 tu. Toa "kwa sababu", swali la "kwa nini" limeshaibeba tayari, zinabaki herufi 29 inakaa vizuri kabisa.

Ila unapofupisha usicheze na mpangilio! Kombe limeshamfanya mtu awaze ushindi, akifika "inashinda" anaelewa imeibuka bingwa, kisha "shambani" ndo inamgeuza. Ukiandika "kila siku shambani inashinda" umemtajia shamba mapema, ile kugeuzwa hakuna tena.

Hatua ya nne, tenganisha swali na jibu. Hapa ndo naona manukuu mengi yanaharibu, yaani yote mawili yanatokea kwa pamoja, mtu anasoma mpaka mwisho anacheka wakati jamaa hata hajamaliza kuuliza, au hacheki kabisa. Jibu lianze pale mdomo wa jamaa unapofunguka kujibu, wala usiliwahishe ndani ya kile kimya kidogo:

```
12
00:01:04,000 --> 00:01:06,500
Kwa nini sanamu hii ilipewa kombe?

13
00:01:07,300 --> 00:01:09,300
Kila siku inashinda shambani!
```

Mwisho mtafute mtu asiyejua Kiingereza, mi huwa nampa mama mdogo simu, namwonyesha bila kumwambia kuna utani. Nacheki uso wake kwenye sekunde ile ya "shambani". Akicheka baada ya mi kueleza, hiyo narudi kwenye karatasi.

Na kuna siku karatasi itakaa tupu, Kiswahili hakina neno la kubeba ile picha. Hapo andika maana ya kawaida isiyomkwaza mtu, alafu angalia mistari miwili mitatu mbele, kama yule yule mhusika anasema kitu ambacho Kiswahili kinakipa mlango, weka kicheko chako pale. Cha kuepuka ni kubandika maelezo ya utani kwenye mabano juu ya skrini, mtu akimaliza kuyasoma klipu imeshafika kwingine.