Mguu Ukianza Kutafuta Ndara

Somoe: Karibuni tena, wasikilizaji wa Mtwara, Lindi na popote mlipo. Kaka Bakari, leo tukae barazani. Ni Mikindani, saa 11 jioni. Kijana amekuja kumweleza mzee mgogoro wa mpaka wa shamba la mikorosho. Mzee ni mtu wa adabu, hawezi kumwambia kijana wa watu "inatosha". Sasa huyo kijana atajuaje?

Bakari: Aanze kwa kutenganisha mambo mawili. Kuna mtu aliyechoshwa na maneno, na kuna mtu anayetaka kuondoka. Miili yao haifanani kabisa. Aliyechoshwa analegea: mgongo unaegemea ukuta, kidevu kinawekwa kiganjani, uso unabaki ule ule hata pale penye kuchekesha. Ile "mh" yake inatoka kwa kipimo kimoja, iwe umesema mbuzi kafa au mbuzi kazaa. Anayetaka kuondoka ni kinyume chake, mwili unaamka.

Somoe: Na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Mzee alikuwa kaegemea, mara kakaa wima na kuinamia mbele. Kijana anasema moyoni, kumbe kanogewa! Anaongeza sura nyingine ya hadithi.

Bakari: Kosa la kawaida sana hilo. Mwaka 1973 Mark Knapp na wenzake kule Marekani walichapisha uchunguzi wa namna watu wanavyoagana. Kuinamia mbele ni mojawapo ya dalili walizoziona, pamoja na kuacha kutazamana machoni, kuelekeza mwili upande wa kutokea, na kutikisa kichwa kwa kuitikia. Kwa hiyo kuinama peke yake hakutoshi, uangalie uzito umekwenda wapi. Aliyenogewa anainama na macho yako kwako, mikono imelegea. Anayetaka kuinuka anaweka viganja juu ya magoti na kurudisha nyayo chini ya kiti.

Somoe: Kwa nini nyayo zirudi nyuma?

Bakari: Kwa sababu huwezi kusimama kutoka kwenye kiti kifupi huku miguu umeinyoosha mbele. Jaribu hapo ulipo. Lazima nyayo zirudi karibu, ndipo uzito upate pa kukanyagia. Mwili umeanza kazi ya kusimama, mdomo bado unasema "enhe".

Somoe: Kwenye mkeka je? Huko hakuna kiti.

Bakari: Mkekani uangalie ndara. Mtu aliyekunja miguu anakunjua mmoja, vidole vinaanza kutafuta ndara pembeni, hata hajaitazama. Kwa kinamama ni kanga: anaifungua kidogo, anaikaza upya, anavuta kikapu karibu na paja. Ila kanga inakazwa pia kwa sababu imelegea tu. Ndiyo maana dalili moja haihesabiwi.

Somoe: Tuseme basi dalili ngapi?

Bakari: Mimi nataka mbili au tatu, kutoka sehemu tofauti za mwili, zije karibu kwa wakati mmoja, na ziwe *zimebadilika*. Hilo la kubadilika watu wanaliruka. Dakika za mwanzo, wakati wa salamu na habari za nyumbani, mtazame mtu alivyo: anatazama sana au kidogo, anatikisa kichwa haraka au taratibu. Hicho ndicho kipimo chake. Ukikosa hicho, utamsingizia mtu tabia yake ya siku zote.

Somoe: Na huku kwetu macho yanapotosha. Binti anayeongea na shangazi yake akiinamisha macho, ni heshima. Hajachoka.

Bakari: Kweli. Na kupiga miayo saa 8 mchana, jua la Mtwara likiwa juu, au Ramadhani kabla ya futari, kunaonyesha usingizi au uchovu. Kukunja mikono nako kunaweza kuwa upepo wa bahari tu. Simu ndiyo ya kuangalia kwa makini zaidi. Msimu wa korosho mkulima anaweza kuwa anasubiri ujumbe wa malipo. Akitupia jicho simu ikilia, kisha akarudi kwako na swali juu ya ulichokuwa unasema, bado yupo nawe. Akiifungua bila kulia, akaifunga, akaifungua tena, hilo ni jingine.

Somoe: Turudi kwa mzee wetu. Nionyeshe mlolongo.

Bakari: Haya. Kijana anaeleza mpaka ulivyopandwa minyaa. Mzee anamtazama, anatikisa kichwa mara moja moja, anauliza, "Upande wa bondeni?" Hapo yumo. Kijana anaingia kwenye ugomvi wa mashemeji. Maswali yanakatika, "mh" zinakuwa za aina moja, mgongo unaegemea ukuta. Huo ni uchovu wa mada, mzee bado hajataka kuondoka. Dawa ni kuacha mashemeji na kumpa zamu: "Wewe mzee ungeshauri nini?" Kijana hakufanya hivyo, kaendelea. Sasa mzee anatikisa kichwa haraka haraka, mara tatu nne mfululizo, kabla sentensi haijaisha.

Somoe: Kijana anadhani anakubaliwa.

Bakari: Anahimizwa amalize. Kutikisa taratibu kunasema endelea, kutikisa kwa kasi mara nyingi kunasema nimekuelewa, fika. Halafu kofia inawekwa sawa, mabega yanageukia njia ya msikitini, viganja vinakwenda magotini. Sehemu tatu za mwili, ndani ya muda mfupi. Basi.

Somoe: Wengine hapo huuliza, "Nakuchosha, mzee?"

Bakari: Atajibu "hapana mwanangu, sema tu", kwa sababu adabu haina jibu jingine. Umemfunga kamba. Afadhali umalize sentensi, ushushe sauti, unyamaze kwa hesabu ya tatu. Akiuliza swali jipya, alikuwa na hamu bado. Akisema "haya", au "ndo hivyo bwana", au akakutumia salamu kwa watu wa nyumbani, mlango umefunguliwa. Na wewe utoke kwa maneno yako: "Ngoja nikuache mzee, magharibi inakaribia." Umembebea mzigo wa kuaga.

Somoe: Kuna hatari ya kukatisha mapema lakini.

Bakari: Ipo. Adam Mastroianni na wenzake walichapisha mwaka 2021 uchunguzi wa mazungumzo 932. Kati ya yale ya maabara, ambako wote wawili waliulizwa, takriban asilimia 2 tu ndiyo yaliyoisha wakati ambao wote wawili walitaka. Na si kwamba yote yalizidi urefu, wapo waliotamani yaendelee. Kila mmoja anaficha anachotaka ili asimkwaze mwenzake. Kwa hiyo hata mwenye jicho kali atakosea, na ule ukimya wa hesabu ya tatu ndio unaomsaidia, maana unampa mwenzake nafasi ya kuchagua.

Somoe: Na muuza duka? Yule hawezi kuondoka, na miguu imefichwa nyuma ya meza.

Bakari: Kwake tazama mikono. Akiwa nawe kwa moyo, mikono imetulia mezani. Akitaka uende, mikono inarudi kazini: anapanga sabuni zilizokwisha pangwa, anafuta mizani, anafungua daftari la madeni. Macho yanapita juu ya bega lako kumtafuta mteja anayefuata. Kama chenji yako imeshawekwa mezani na bado unaongea, ichukue, rudi nyuma hatua moja. Akiegemea meza na kukuuliza kitu, baki. Akimgeukia mwenzako, nenda.