Usibai Kisa Watu Wanalia: Jinsi ya Kusoma Fandingi na Kipimo cha Hofu kwenye Chati

Haya wadau, mambo vipi, hapa ni Mtwara, feni ikikuvurugia sauti vumilia tu maana joto la leo bila feni sikai. Leo tunaingia kwenye vipimo vya hofu na tamaa, vile vinavyokwambia umati umeegemea wapi ili wewe uangalie upande wa pili. Ntatumia bitkoini.

Hatua ya kwanza, fungua chati ya BTCUSDT kwenye fyucha, yani mikataba ya kubeti bei bila kushika sarafu yenyewe, zile zisizo na tarehe ya mwisho, weka kendo za siku moja. Ukiwa kwenye soko la Binance angalia juu pale kwenye bei, kuna sehemu imeandikwa `Funding / Countdown`, umeiona? Hiyo asilimia ndo fandingi. Nisikilize hapa maana wengi wanaikariri tu. Wewe ushapanda mashua ya kuvuka kwenda Msangamkuu, si ndio, sasa chukulia abiria wote wamekaa upande mmoja, mashua inalala, nahodha anasema jamani nyie mliobanana huku mtawalipa chochote wale watakaokubali kuhamia kule. Ndo hivyo hivyo. Longi, yani waliobeti bei itapanda, wakiwazidi shoti, waliobeti itashuka, bei ya fyucha inapanda juu ya bei ya kawaida, fandingi inakuwa chanya na longi wanawalipa shoti. Shoti wakizidi inakuwa hasi, shoti ndo wanalipa. Soko lisilo na fujo husoma 0.01% kila masaa nane, kwa saa zetu ni saa tisa usiku, saa tano asubuhi na saa moja jioni.

Inaonekana ndogo ee? Piga hesabu. Una dola 100, umeweka levereji mara kumi, yani unacheza na mara kumi ya hela yako, pozisheni yako ni dola 1,000. Kwa 0.01% unalipa senti kumi kila awamu, hakuna shida. Ila ikifika 0.1% unalipa dola nzima mara tatu kwa siku, dola tatu kwenye mtaji wa mia, na bei haijasogea hata kidogo! Mtu anayekubali kulipa hivyo ana uhakika uliopitiliza, na wakiwa wengi kikija kitikisiko kidogo tu wanakatwa, pozisheni zao zinafungwa kwa nguvu mmoja baada ya mwingine. Huo ndo umati tunaoutafuta.

Hatua ya pili, fungua `alternative.me`, nenda kwenye kipimo cha hofu na tamaa, kinasoma sifuri mpaka 100, chini ya 25 ni hofu kali, kuanzia 75 tamaa kali. Sasa wengi hawajui kinatengenezwaje. Robo ya alama inatoka kwenye jinsi bei inavyoyumba, robo nyingine kwenye kasi ya bei na ujazo wa biashara, yani nusu ya kipimo ni chati ileile unayoiangalia, imevalishwa nguo nyingine. Bei ikianguka lazima kishuke, hakijakwambia jipya. Fandingi yenyewe inatoka mfukoni mwa watu, ndo maana mimi naiamini zaidi, kipimo cha hofu nakichukua kama shahidi wa pili.

Mi mwenyewe kiliniumiza. Novemba 2020, msimu wa korosho, mzee kalipwa hela ya mnada kanigawia kidogo, mi nikaona kipimo kimegonga 90 nikajisemea watu wamelewa tamaa hawa, nikashoti bitkoini kwenye elfu kumi na tano na kitu. Mwisho wa Desemba iko karibu 29,000. Hela ya korosho kwishney, mzee mpaka leo akiniona na simu anaguna. Nilichojifunza ni kwamba tamaa inaweza kukaa miezi, kwa hiyo upande wa juu mimi sishoti kwa kipimo peke yake, napunguza tu nilichonacho. Hofu huwa inaishia kwa kishindo, hapo ndo pana kazi.

Lakini hata hofu usiiendee kichwa kichwa. Rudisha chati mpaka Mei 2022. Tarehe 17 kipimo kilisoma 8, nane jamani, bitkoini ipo kama 30,000. Aliyebai pale kwa sababu watu wanalia, mwezi mmoja baadae aliiona 17,600. Kipimo kilikuwa sahihi kwamba watu wanaogopa, na watu nao walikuwa na haki ya kuogopa.

Sasa hatua ya tatu, ndo yenyewe, kusubiri bei ithibitishe. Sogeza chati mpaka Novemba 2022, ile wiki soko kubwa la sarafu la FTX linaanguka. Tarehe 9 bei ilishuka mpaka karibu 15,600, chora mstari hapo chini ya mkia wa kendo. Kipimo cha hofu kilikuwa kwenye ishirini ishirini hivi, unaona, juu kuliko Mei wakati bei ni nusu ya ile ya Mei. Ila fandingi ilizama chini ya sifuri, shoti wanalipa ili wabaki kwenye shoti. Usiguse bado. Tarehe 21 bei inavunja mstari wetu, inashuka kama 15,500, kila mtu anasema tunaenda elfu kumi, alafu kendo ya siku inafunga juu ya mstari, kama 15,800. Hiyo ndo alama, umati umesukuma chini na bei imekataa kukaa kule.

Unabai kwenye kufunga, stopu losi, pale unapokubali hasara na kutoka, unaweka 15,300, unahatarisha kama dola 500 kwa bitkoini moja. Kati ya Desemba bei iligusa 18,000, na kati ya Januari ikapita 20,000. Karibu wiki nane hizo, na katikati inakwenda kama konokono, usidhani kesho yake ulikula.

Sasa pale inapodanganya. Agosti na Septemba 2022 fandingi ya etha ilikuwa hasi vibaya sana, ukiangalia haraka utasema watu wana hofu tubai. Kumbe haikuwa hofu! Tarehe 15 Septemba mtandao wa Ethereum ulikuwa unabadili mfumo wake, kuna sarafu ya mgawanyiko ingetolewa bure kwa wenye etha, kwa hiyo watu walishika etha mkononi huku wakishoti fyucha kujikinga na bei. Tukio lilipopita fandingi ikarudi kawaida na bei ikashuka badala ya kupanda. Kwa hiyo kabla hujabai jiulize, hawa shoti wapo hapa kwa sababu gani, kuna tukio lenye tarehe?

Na angalia kipindi cha namba, sarafu nyingine zinalipana kila masaa manne, tovuti nyingine zinaonyesha asilimia ya mwaka mzima, ukichanganya utaona hatari isiyokuwepo.

Ukishaingia, natoka hivi mimi: fandingi ikirudi 0.01% na ikakaa hapo siku kadhaa natoa nusu, kwa sababu umati uliokuwa unakubeba umeshaondoka. Nusu iliyobaki stopu inapanda mpaka nilipoingilia. Kendo ya siku inafunga saa tisa usiku, na kipimo cha hofu kinabadilika saa hiyohiyo na fandingi inakatwa saa hiyohiyo, mi nalala zangu, naangalia asubuhi nikinywa chai.