Mshono umefunga, mbona hawezi kukaa?

Asalamu aleikum, na hamjambo nyote. Nimepewa nusu saa, nami nitaimaliza kwa mzazi mmoja tu. Jina lake halitatajwa, na amenikubalia nimsimulie.

Alinijia wiki ya tano baada ya kujifungua. Mtoto wake wa kwanza, kilo 3.6, na aliongezwa njia upande wa kulia, akashonwa. Chumbani kwangu kuna viti viwili. Hakutaka hata kimoja. Alimnyonyesha mtoto amesimama, mgongo umeegemea ukuta. Kutoka Kisauni alikuja kwa tuktuk, amekalia tako moja, mkono umeshika chuma, kila tuta analiona kabla dereva hajaliona. Nyumbani ameshaambiwa, "Ni uzazi huo, ngoja arobaini itoke." Zahanati alikokwenda mara mbili walimtazama wakamwambia mshono umepona.

Na kweli ulikuwa umepona. Nilipomwangalia msambani nilikuta mstari mwembamba, msafi, hauna uwekundu, usaha wala harufu. Mshono ukiingia wadudu, mara nyingi huonekana katika wiki mbili za mwanzo: unavimba, unatoa maji machafu, nyuzi zinaachia, pengine kidonda kinafunguka. Mtu akiona hayo hahitaji mimi kumwambia. Shida ni kwamba tukiyakosa tunatulia, kana kwamba ngozi ndiyo msamba wote. Ngozi ni kifuniko cha sufuria. Ndani kuna nini?

Kwa hiyo nilimuuliza swali ambalo naomba mlichukue nyumbani: maumivu yako yamekuwa yakishuka au yakipanda? Maumivu ya mshono hushuka. Wiki ya pili ni nafuu kuliko ya kwanza, ya tatu ni nafuu zaidi, na wengi ikifika ya sita wameshasahau. Yakishuka kisha yakapanda tena, au yasiposhuka kabisa, hayo si ya kungojea arobaini.

Akanieleza. Usiku wa kwanza yalikuwa makali kupita yale ya uchungu wenyewe, na alihisi kama haja kubwa imesimama mlangoni haitoki. Akapewa vidonge. Wiki ya pili na ya tatu yakalegea. Ya nne yakarudi, sasa yanadunda kama moyo, na jioni anasikia baridi huku Mombasa yote inajipepea.

Ule usiku wa kwanza ndio uliosema kila kitu. Mtu akiongezwa njia, hakukatwi ngozi pekee. Hukatwa pia ukuta wa uke, na kidonda kina ncha yake kule ndani. Mshonaji hufundishwa aanze sindano ya kwanza kama sentimita 1 juu ya ile ncha, kwa sababu mshipa wa damu uliokatwa hujirudisha nyuma, ukajificha. Ukianza chini yake, unafunga mlango na mwizi yumo ndani. Mshipa unaendelea kuvuja pembeni mwa uke, mahali pa mafuta laini pasipo na kitu cha kuizuia damu. Mzazi anaweza kupoteza damu nyingi humo mpaka akazirai, na pedi yake ina madoa tu. Ndiyo maana maumivu makali kupita kiasi katika saa za mwanzo, yenye kusukuma nyuma, au mkojo unaogoma kutoka, hayatulizwi kwa vidonge kabla mtu hajachunguzwa kwa kidole. Lawama hiyo naitupa kwetu sisi wahudumu, si kwa mzazi.

Huyu wetu, damu ilijaa mpaka ikajibana yenyewe, ikasimama. Donge dogo mwili hulinyonya taratibu. Lake liliingia wadudu, likageuka jipu lisiloonekana nje.

Nilipaka kidole jeli, nikaingia polepole. Ukuta wa kushoto laini. Wa kulia, juu kidogo, kuna uvimbe kama ndimu, una joto, na nilipougusa aliruka. Nikapima njia ya haja kubwa pia, nikamwambia abane. Misuli ya duara ilibana sawasawa, na hajawahi kushindwa kuzuia upepo wala choo. Hilo lazima liulizwe waziwazi, maana mpasuko wa misuli hiyo ukipitwa siku ya kushona, mama huishi na aibu yake kimya kwa miaka. Joto la mwili lilikuwa 38.1. Ultrasaundi ikaonyesha ziwa la maji mazito, upana wa sentimita 5.

Wengi huniuliza, kwa nini usimpe antibayotiki aende? Dawa husafiri na damu, na katikati ya jipu hakuna damu inayopita. Alipelekwa thieta, akalazwa usingizi, pakafunguliwa. Zikatoka kama mililita 70, nyeusi na nzito kama maji ya ukwaju, na harufu yake ilimfanya hata sista wa zamani ageuze uso. Tukaacha mpira mdogo wa kutolea uchafu kwa siku mbili, na dawa zikafanya kazi yake. Siku ya tatu homa haikuwepo.

Hapo ningependa kusema hadithi imekwisha. Wiki mbili baadaye akanipigia: "Daktari, bado."

Lakini sasa yalikuwa maumivu mengine. Hayadundi, hayana homa. Akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, yanaunguza. Akikalia choo cha kukaa, ambacho katikati ni wazi, anapumua. Ultrasaundi ilikuwa safi. Kidole kilipobonyeza misuli ya sakafu ya nyonga upande wa kulia, nilikuta imekaza kama kamba ya jahazi, na akasema, "Ndiyo hayo hayo." Misuli ililinda donge kwa wiki tano, donge limeondoka, mlinzi hana habari.

Na alikuwa anaizidishia. Kwenye simu alisoma kwamba dawa ni kubana, akawa anabana mara mia kwa siku. Zoezi hilo ni zuri kwa misuli iliyolegea. Iliyokaza hufundishwa kwanza kuachia: kuvuta pumzi mpaka tumbo lifure na msamba ushuke, na mtaalamu wa viungo kubonyeza palipokaza, taratibu, mpaka pakubali. Ilichukua miezi miwili na kitu.

Bibi pale mbele ameuliza maji moto, na swali lake ni halali, maana mikono yake imekanda wazazi wengi kuliko niliowaona mimi. Bibi, siku ile ya kwanza msamba usiupe joto. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi, kisha uondoe. Joto linafungua mishipa, na huenda mmoja bado unavuja. Baadaye beseni la maji vuguvugu, yale kiwiko chako kinayavumilia, halina tatizo. Kukalisha mzazi juu ya mvuke au chetezo mimi nakataa: sehemu iliyoshonwa huwa na ganzi, na nimeshatibu malengelenge ambayo mwenyewe hakuyasikia yakitokea.

Nawe kabla hujaanza kumkanda, mwambie kwanza akae. Akikaa tako moja, muulize kama jana alikaa vizuri zaidi.