Tairi moja kila nusu dakika

Habari za jioni, ndugu zangu. Mama mmoja ameniuliza hapo mlangoni: "Tairi likichomwa kando ya barabara moshi wake mweusi unatukaba koo. Mnatuambiaje kwamba likichomwa kwenye kiwanda cha saruji ni salama?" Swali lake ni zuri, na sehemu kubwa ya mazungumzo yangu leo ni kulijibu.

Moto wa kando ya barabara hauna joto la kutosha wala hewa ya kutosha. Mpira huyeyuka, hutoa mvuke wa mafuta, na mvuke ule hupanda kabla haujaungua. Ndio moshi mweusi mnaouona. Ndani ya tanuru ya saruji mwali hufika kama nyuzi 2,000 za Selsiasi, kwa sababu mawe ya chokaa yenyewe lazima yafikie nyuzi 1,450 ndipo yawe klinka, yale mabonge magumu yanayosagwa kuwa saruji. Tairi huingizwa upande wa nyuma wa tanuru, panapoingilia unga wa mawe, na pale hewa ina nyuzi 1,000 na zaidi. Kila kinachoweza kuungua kitaungua, mradi oksijeni ipo. Waya za chuma hazibaki majivu: chuma kinaingia kwenye klinka, nasi tunapunguza madini ya chuma tunayonunua. Chokaa iliyojaa mle ndani inanasa sehemu kubwa ya salfa ya mpira.

Sasa tupige hesabu. Chukueni tanuru ya tani 2,000 za klinka kwa siku. Kila tani inahitaji joto la gigajuli 3.4 hivi, kwa hiyo kwa siku ni 6,800, sawa na tani 260 za makaa ya mawe. Tukitaka asilimia 10 ya joto hilo itokane na matairi, tunahitaji tani 23 kasoro kidogo, maana kilo moja ya tairi ina joto zaidi ya kilo moja ya makaa. Tairi la gari dogo lina kilo 8 hivi. Hayo ni matairi 2,800 kwa siku, yaani tairi moja kila nusu dakika, usiku na mchana.

Lakini mtaani matairi mengi chakavu ni ya malori, yale ambayo fundi wa viatu vya akala bado hajayafikia. Hilo lina kilo 50 au 60. Ukiangusha moja kila dakika tatu na nusu, hesabu ya siku inatoka ileile. Kwenye karatasi hakuna tofauti. Kwenye tanuru tofauti ni kubwa, na hapa ndipo nilipofundishwa kazi.

Miaka iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika kiwanda kimoja, sitakitaja. Tulikuwa na kichujio cha vumbi cha umeme: mabamba ya chuma yenye umeme mkali unaovuta vumbi kutoka kwenye moshi. Siku hiyo matairi madogo yaliisha, tukaanza kuingiza ya malori. Nikawa natazama skrini. Oksijeni ilikuwa asilimia 3, tairi likaanguka, sindano ikashuka hadi karibu na sifuri. Kilo 55 za mpira zimetoa mvuke wake kwa pupa, hewa haikutosha, na monoksidi ya kaboni ikapanda kama mnazi. Gesi hiyo ikikutana na cheche za kichujio cha umeme inaweza kulipuka. Kwa hiyo mtambo una kinga: gesi ikifika kiwango kilichowekwa, umeme wa kichujio unajizima wenyewe.

Kinga ilifanya kazi yake, mlipuko haukutokea. Ila kwa dakika kadhaa vumbi lote lilitoka bombani bila kuchujwa. Usiku ule kichujio kilijizima mara sita. Asubuhi majirani walikuta nguo zilizolala kambani zimekuwa za kijivu, wakaja langoni wakisema tunawachomea sumu ya matairi. Lile vumbi karibu lote halikuwa masizi ya tairi, lilikuwa unga wa mawe. Lakini walikuwa na haki ya kukasirika, na sababu kweli ilikuwa tairi.

Dawa yake haikuwa ngumu. Matairi makubwa yakatwe vipande, yaingie kidogo kidogo kupitia milango miwili inayofunguka kwa zamu, ili hewa baridi isivutwe ndani. Mlango wa matairi uunganishwe na vipimo: oksijeni ikishuka, au joto likipungua, mlango ukatae kufunguka hata mwendeshaji akibonyeza. Wakati wa kuwasha na kuzima tanuru, tairi lisiingie kabisa. Na anayeweza kununua kichujio cha mifuko ya kitambaa anunue, kwa kuwa hicho hakitegemei umeme mkali, wala hakina haja ya kujizima kwa sababu hiyo.

Kuna na daioksini, sumu inayotajwa sana. Kwenye moto wa tanuru inavunjika, lakini inaweza kujiunda upya moshi unapopoa polepole kati ya nyuzi 450 na 200. Kwa hiyo moshi unyunyiziwe maji, upite haraka sehemu hiyo na ufike kwenye kichujio ukiwa chini ya nyuzi 200. Sheria ya Ulaya kwa tanuru za saruji zinazochoma taka inaruhusu nanogramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo wa hewa, na vumbi miligramu 30. Vumbi linapimwa mfululizo bombani. Daioksini haipimwi hivyo. Mtu hupanda bomba na vifaa vyake mara chache kwa mwaka.

Pumba nazo, zinazochomwa tanuruni badala ya makaa kama matairi, zina mambo yake. Uganda, kiwanda cha Hima kule Kasese kimechoma maganda ya kahawa na pumba za mpunga kwa miaka mingi. Pumba hazina waya wala salfa ya kutisha, ila zina joto nusu ya makaa na ni nyepesi mno. Asilimia 10 ya tanuru yetu ile ni tani 50 za pumba kwa siku, mita 500 za ujazo. Malori yanakuja yamejaa hewa. Kiwanda kilicho mbali na mashine za mpunga kitachoma dizeli nyingi kufuata pumba.

Tena theluthi moja ya tano ya... samahani, moja ya tano ya pumba ni majivu, na majivu hayo karibu yote ni silika. Tani 10 za silika zinaingia kwenye klinka kila siku, kwa hiyo maabara iongeze chokaa kwenye unga, la sivyo saruji itakosa nguvu. Silika hiyo hukwaruza kama msasa. Kona za mabomba yanayopuliza pumba hutoboka. Maganda ya kahawa yana potasiamu nyingi, nayo huganda kwenye njia za moshi juu, hadi vijana wapande na vyuma kuzibua.

Faida kwa hewa ni ipi basi? Tanuru yetu inatoa kama tani 1,700 za kaboni dioksidi kwa siku, na zaidi ya 1,000 kati ya hizo zinatoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe, uchome utakacho. Pumba za asilimia 10 zinaokoa tani 65 hivi. Si haba, lakini anayekuambia saruji yake imekuwa ya kijani kwa ajili ya pumba, muulize kuhusu yale mawe. Kwa matairi akiba ya kaboni ni ndogo zaidi. Faida yake kubwa ni kwamba hayalali uani yakikusanya maji ya mvua na kuzalisha mbu wa dengi.

Mama yule bado yupo? Ukienda kiwandani, usiridhike na wastani wa vumbi wa siku nzima. Wastani mmoja hauonyeshi kichujio kilijizima saa ngapi, kama usiku wetu ule. Omba rekodi ya dakika ambazo kichujio kilikuwa kimezimwa, na uilinganishe na saa ambazo matairi yaliingia.