Kabla hujalia au kushangilia bei ya hisa, zidisha kwanza

Haya tuanze jamani, wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Wengine hapa mmeshanisikia nikiongea hili jambo mpaka mmechoka, najua, lakini kila kampuni kubwa ikigawanya hisa zake maswali ni yaleyale na vilio ni vilevile, so mtanivumilia tena. Hisa ni nini sirudii, hilo mnalijua.

Twende Nvidia, wale watengeneza chipu za kompyuta. Ijumaa tarehe 7 Juni 2024 ilifunga soko kwenye dola 1,208 na ushee. Jumatatu tarehe 10 ikafungua kwenye dola 120 hivi. Siku hiyo jamaa mmoja akanipigia simu anahema, eti hela zake zimeyeyuka asilimia 90 ndani ya wikiendi na hakuna hata habari mbaya iliyotoka. Nikamwambia fungua apu, achana na bei, nisomee idadi ya hisa. Akasoma sita. Nikamwambia basi subiri, unatakiwa uwe nazo sitini, broka wako bado hajakuingizia zingine. Zikaingia baadaye, akanitumia kiemoji cha kucheka. Yaani apu ilikuwa imechukua bei mpya na kuizidisha na idadi ya zamani, na mtu mzima akakosa usingizi kwa sababu hiyo tu. Hili hutokea sana, bei inabadilika sekunde ileile soko linapofunguka, hisa kwenye akaunti yako zinaweza kuchelewa, na ukiuza kwa hofu katikati ya hapo ni juu yako.

Sasa kampuni ilifanya nini hasa? Ilikuwa na hisa kama bilioni 2.46, ikasema kila hisa moja iwe kumi, zikawa kama bilioni 24.6. Basi. Hakuna chipu hata moja iliyouzwa zaidi, hakuna deni lililolipwa, hakuna senti iliyoingia wala kutoka. Zidisha bei na idadi kabla, zidisha baada, unapata thamani ya soko ileile, karibu trilioni 3 za dola. Ni sawa na kuvunja noti upate chenji, mfuko unavimba lakini hujatajirika. Hata gawio lilifuata hesabu hiyohiyo, kampuni ilitangaza senti 10 kwa hisa ya zamani, ambayo ni senti 1 kwa hisa mpya, na kuna watu wakaandika mitandaoni kwamba gawio limekatwa asilimia 90. Jamani! Senti 10 mara hisa sita ni senti 60, senti 1 mara hisa sitini ni senti ngapi?

(Ukumbi: Sitini!)

Asanteni, sasa kawaambieni na wao.

Naona mkono pale, na swali nalijua hata kabla hujauliza. Utasema mbona kampuni ikitangaza kugawanya hisa bei huwa inapanda, si ina maana thamani imeongezeka? Inapanda mara nyingi, ndiyo, sibishi. Lakini jiulize ni kampuni gani zinagawanya hisa. Ni zile ambazo bei yake imeshapaa miaka miwili mitatu, biashara inakwenda vizuri, na wakubwa wake hawaoni dalili ya bei kuanguka kesho, maana hakuna anayetaka kugawanya hisa leo halafu mwaka kesho aanze kuziunganisha tena kwa aibu. Soko linasoma huo ujasiri wa wakubwa. Pia bei ndogo inamruhusu mwenye hela kidogo kununua hisa nzima, japo siku hizi mabroka wengi wanauza hata kipande cha hisa kwa hiyo sababu hiyo imepungua nguvu. Sasa hayo yote ni mambo ya watu kutaka kununua, hesabu ya mgawanyo yenyewe haijaongeza kitu. Na Berkshire Hathaway mnaijua, ile kampuni ya uwekezaji ya Marekani, hisa zake za daraja A hazijawahi kugawanywa, moja inauzwa mamia ya maelfu ya dola, na hakuna anayesema kampuni imedumaa kwa sababu hiyo.

Okei, huo ulikuwa upande rahisi. Ninachotaka kukaa nacho leo ni upande wa pili, kuunganisha hisa, maana huko ndiko watu wanaumia. Na kesi yangu siku zote ni Citigroup, ile benki ya Marekani.

Ijumaa ya tarehe 6 Mei 2011 hisa ya Citigroup ilifunga kwenye dola 4.52. Wikiendi ile hisa kumi zikawa moja, hisa kama bilioni 29 zikawa kama bilioni 2.9, na Jumatatu watu wakaamka wakakuta bei iko kwenye dola 44, 45 huko. Zidisheni: 4.52 mara bilioni 29 ni kama bilioni 131. 45.20 mara bilioni 2.9, bilioni 131 zilezile. Mpaka hapo ni Nvidia iliyogeuzwa, hakuna jipya.

Utamu ni huu. Mwanzoni mwa 2007, kabla ya msukosuko wa mabenki, hisa hiyo ilikuwa kwenye dola 55 hivi. So mtu anayekumbuka 55 akiona 45 mwaka 2011 anasema aah, benki imeshapona, bado kidogo tu irudi ilikokuwa. Hapana bwana! Ile 55 ni bei ya hisa ndogo, hii 45 ni bei ya hisa iliyobeba kumi ndani yake. Ukitaka kuzilinganisha lazima 55 uizidishe kwa kumi, inakuwa 550. Kwa hiyo kutoka 550 mpaka 45, amepoteza asilimia 92 na hajapona chochote. Chati nzuri inakufanyia hiyo hesabu, inarudi nyuma inarekebisha bei zote za zamani, ndiyo maana ukifungua chati leo utaona 2007 imeandikwa 500 na kitu, bei ambayo hakuna mtu aliyewahi kuilipa siku ile. Sio kosa la chati, imerekebishwa. Kosa ni kuchukua bei ya kwenye gazeti la zamani ukailinganisha na ya leo bila kuuliza katikati hapo hisa ziligawanywa au ziliunganishwa mara ngapi.

Ngojeni, sijamaliza, kuna kitu watu wengi hawakifiki. Mwaka 2007 Citigroup haikuwa na hisa bilioni 29. Ilikuwa na kama bilioni 5. Sasa 55 mara bilioni 5 ni kama bilioni 275. Halafu 2011 ni bilioni 131. Mmeona? Bei ya hisa imeanguka asilimia 92 lakini thamani ya kampuni nzima imeanguka nusu tu. Iweje? Ni kwamba katikati hapo benki ilikuwa inazama, ikatoa hisa mpya kwa mabilioni ili ipate mtaji, ikiwemo serikali ya Marekani ambayo ilibadilisha bilioni 25 za msaada wake kuwa hisa za kawaida kwa bei ya dola 3.25 kila moja, hiyo peke yake ni hisa kama bilioni 7.7. Mwenye hisa wa zamani akabaki na kipande kidogo cha kitu kilichojazwa hela za wengine. Kwa hiyo hisa zinaweza kuongezeka kwa njia mbili ambazo kwa mbali zinafanana kabisa. Mgawanyo: zinaongezeka kwa wote kwa uwiano mmoja, fungu lako haliguswi. Hisa mpya kuuzwa kwa wengine: zinaongezeka lakini sio kwako, fungu lako linapungua. Na kule kuunganisha kwa Mei 2011 hakukumnyang'anya mtu kitu, hasara ilishatokea kati ya 2007 na 2009, ile ilikuwa kupaka rangi tu ili bei isionekane ya kampuni mahututi.

Muda unakwisha kumbe. Haraka haraka basi.

Kampuni ndogo zinaunganisha hisa kwa sababu nyingine, kufukuzwa sokoni. Kwenye soko la hisa la Nasdaq bei ikikaa chini ya dola 1 siku 30 za kazi mfululizo unapewa barua, halafu siku 180 za kujirekebisha, na njia ya mkato ni kuunganisha hisa. Kuna zilizofanya hivyo kila mwaka mpaka soko likaweka kikomo, ukiunganisha kwa jumla ya 250 kwa 1 au zaidi ndani ya miaka miwili halafu bei ikaanguka tena hupewi hizo siku za huruma.

Na hapa ndipo msome maandishi madogo. Chukua kampuni ya mfano, ina hisa milioni 100 mikononi mwa watu, katiba yake inaruhusu mwisho milioni 120, bei senti 30, thamani milioni 30. Ikitaka kuuza hisa mpya inazo milioni 20 tu za kucheza nazo. Inaunganisha 20 kwa 1. Hisa zinakuwa milioni 5, bei dola 6, thamani ileile milioni 30, wote mnapiga makofi kwamba hakuna aliyeumia. Lakini ule mwisho wa milioni 120 haukuguswa! Sasa ina nafasi ya kutoa hisa milioni 115, mara 23 ya zilizopo. Mwezi unaofuata inauza milioni 5 kwa dola 5, inapata milioni 25, uliyekuwa na asilimia 10 unabaki na 5, na kama hizo milioni 25 zitaliwa na mishahara na madeni bila kuzaa kitu, basi ile milioni 30 inagawanywa kwa hisa milioni 10, bei dola 3. Kwa hiyo kwenye tangazo tafuteni mstari mmoja: idadi ya juu ya hisa zinazoruhusiwa nayo inapunguzwa au haipunguzwi? General Electric walipounganisha 8 kwa 1 mwaka 2021 waliishusha kutoka bilioni 13.2 mpaka bilioni 1.65, uwiano uleule. Ikiachwa palepale, kaa macho.

Lingine, vipande. Una hisa 37 zinaunganishwa kumi kwa moja, ni 3.7, kampuni nyingi zitakupa 3 na ile 0.7 utalipwa taslimu. Ukiwa na 7 unalipwa zote na wewe sio mwanahisa tena, hukuulizwa.

Habari ya Dow Jones, kile kipimo cha soko la hisa la Marekani, na mgawanyo unavyokigusa nilikuwa nimeiandaa lakini mwenyekiti ananitolea macho, so ni siku nyingine. Maswali. Wewe dada, na usiniulize Nvidia itagawanya tena lini.