Kumi kwa moja: bonasi ya mzigo wa jumla na hesabu yake

(Mazungumzo na mawakala na maafisa mauzo, Kigoma mjini)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za mchana. Niliombwa nieleze ofa zote tunazowapa wa jumla na wenye maduka. Ni nyingi, na nyingine hazina maneno mengi. Nitakaa kwenye moja mnayoijua wote, kumi kwa moja: nunua katoni kumi, ya kumi na moja bure. Muda ukibaki nitagusa pesa tunazowalipa wenye maduka ili watupangie bidhaa mbele.

Nitatunga mfano ili nisimguse mtu. Tuna sabuni ya miche. Wa jumla ananunua katoni kwa shilingi 30,000. Kuitengeneza na kuifikisha hapa kunatugharimu 24,000, kwa hiyo kila katoni inatuachia 6,000. Eneo lote, kwa kawaida, linanunua katoni 800 kwa mwezi. Tunaweka ofa mwezi mmoja, zinalipiwa katoni 1,300. Afisa mauzo anapeleka ripoti: mauzo yamepanda kwa katoni 500. Anapongezwa.

Sasa tupige hesabu. Katoni 1,300 zimelipiwa, kwa hiyo za bure ni 130. Kila moja imetugharimu 24,000, jumla 3,120,000. Zile 500 za ziada, kwa 6,000 kila moja, zimeleta 3,000,000. Tumepoteza laki moja na ishirini elfu hata kabla hatujauliza swali gumu. Na chanzo chake ni hiki: bonasi haikulipiwa zile 500 peke yake. Tumeilipa pia kwa zile 800 ambazo zingenunuliwa bila ofa yoyote. Kwa bei hizi, ofa ingerudisha gharama yake endapo tu katoni za ziada zingefika 534, yaani mauzo yapande kwa theluthi mbili. Kabla ya kuweka ofa, jiulize kama sabuni inaweza kupanda hivyo katika mji ambao watu wanafua nguo zilezile.

Swali gumu lenyewe ni mwezi unaofuata. Wa jumla hana haja ya kununua, stoo imejaa. Badala ya 800 zinanunuliwa 480. Ukijumlisha miezi miwili, zimelipiwa 1,780, wakati bila ofa zingelipiwa 1,600. Ziada ya kweli ni 180, faida yake 1,080,000. Toa gharama ya bonasi, tumebaki na hasara ya 2,040,000. Ndiyo maana nawaambia vijana wasiniletee ripoti ya ofa siku inapoisha. Wasubiri mpaka oda zirudi kwenye kiwango chake cha kawaida.

Dada mmoja pale nyuma ameuliza: tutajuaje kama mzigo umekwenda kwa watu au umelala stoo? Swali zuri. Ankara haitakuambia, kwa sababu inaonyesha kilichoingia kwa wa jumla tu. Kahesabu stoo yake siku ofa inapoanza na siku inapoisha. Tuseme mwanzo ana katoni 60, ananunua 300, anapewa 30 za bonasi, na mwisho unazikuta 250. Zilizotoka ni 140. Kama kwa kawaida anatoa 130, basi katika ule mzigo wote wa 330, ofa imesukuma katoni kumi tu. Nyingine 130 zingetoka hata bila ofa, na 190 zimehama tu kutoka stoo yetu kwenda stoo yake.

Ila angalieni na zilizotoka zimekwenda wapi. Sisi tuko ziwani. Katoni ikipakiwa kwenye boti pale Kibirizi inaweza kuwa inakwenda vijiji vya mwambao, na inaweza kuwa inavuka kwenda Kongo. Nyingine zinapanda kwenda Kasulu na Kibondo, eneo la wakala mwingine, ambaye mwezi huohuo atalalamika kwamba mauzo yake yameanguka. Mwenye bonasi ana nafasi ya kushusha bei: katoni 11 kwa 300,000 ni kama 27,270 kila moja. Kama kawaida anauza 31,000 na kupata elfu moja, sasa anaweza kuuza 29,500 na bado akapata zaidi ya elfu mbili. Kwake ni biashara nzuri, wala simlaumu. Sisi ndio tutakaobaki na mwenye duka wa Mwanga ambaye, ofa ikiisha, anakataa kununua kwa 31,000.

Na akiamua kutoshusha bei, bonasi yote inabaki mfukoni mwake. Mwenye duka hajasikia chochote, kwa hiyo hana sababu ya kuongeza hata katoni moja. Kulijua hilo ni kazi ya asubuhi moja: pita kwenye maduka matatu, uliza wamenunua katoni kwa bei gani wiki hii.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo ofisi za Dar es Salaam hawaliwazi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika, na pesa mitaani inapungua. Ukiweka ofa wiki mbili za giza ukazilinganisha na wiki mbili za mwezi mkali, utaisifu bonasi kwa kazi iliyofanywa na dagaa. Linganisha mwandamo mzima na mwandamo mzima. Na mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei; asiichukue miezi hiyo mtu anayetafuta kiwango cha kawaida.

Ningefanyaje mimi? Ningelipa bonasi kwa kinachozidi kawaida ya kila mteja, na ningelipa baada ya kuhesabu kilichotoka stoo, si siku ya kununua. Kuna ujanja wake: akijua utaratibu, wa jumla atabana oda mwezi mmoja kabla ili kawaida yake ionekane ndogo. Chukua wastani wa miandamo mitatu iliyopita, na usimtangazie tarehe mapema.

Kuhusu kupanga bidhaa, kwa ufupi. Duka lenye nondo mbele, mteja hachukui mwenyewe, anasema "nipe sabuni" na muuzaji anachagua. Kulipia rafu nzuri kwenye duka la namna hiyo ni kulipia kile muuzaji anachokigusa kwanza, kwa hiyo mahali pa thamani ni karibu na mkono wake. Tukimlipa 15,000 kwa mwezi, tunahitaji katoni mbili na nusu za ziada ili pesa irudi. Duka la Ujiji linalouza katoni 15 kwa mwezi linaweza kufika huko. Duka linalouza tatu lingelazimika karibu kuongeza mara mbili, na hilo sijaliona. Chagueni maduka kadhaa yanayofanana, nusu mlipe, nusu msilipe, mtazame tofauti baada ya mwandamo mmoja. Na yale msiyolipa yasiwe jirani na mliyolipa, maana wateja watahama mlango tu na ninyi mtadhani wameongezeka.

Mzee wangu ameuliza kama basi kumi kwa moja ifutwe. Hapana. Mzigo mpya ambao wa jumla hajawahi kuuza hauna zile katoni 800 za kawaida, kwa hiyo karibu kila bonasi unayotoa inalipia mauzo mapya. Kwa sabuni tuliyoizoea, ningeanza na ishirini kwa moja, kwa wateja wachache, halafu nihesabu stoo.