Kikao cha Watu Wawili: Afisa Mauzo Anapokwama

Asanteni, na habari za asubuhi tena. Nimepewa dakika ishirini na nyinyi mna maduka ya kuzungukia, kwa hiyo nitawasimulia kikao kimoja tu. Nilikaa na kijana wangu wa ruti ya Mbagala, mimi na yeye, asubuhi ya Jumatatu. Tulikuwa tunauza sabuni na mafuta ya kupikia kwa maduka ya rejareja. Yeye anachukua oda leo, kenta inapeleka mzigo kesho. Nadhani nusu ya mliomo humu mnaifanya kazi hiyohiyo, bidhaa tu ndizo tofauti.

Kabla ya hapo nieleze jinsi nilivyokuwa nafanya zamani, kwa sababu hata mimi nilifanyiwa hivyo. Nilipokuwa naendesha ruti, bosi wangu aliniita uani, karibu na madereva wanaopakia mzigo, akanionyesha karatasi. "Tageti hii, umefanya hii. Unasemaje?" Nikasema, "Nitajitahidi, bosi." Akasema, "Haya." Tukaachana. Mwezi uliofuata tukasimama palepale, karatasi mpya, jibu lilelile. Nami nilipopata cheo nikawa nawaita vijana uani.

Sasa huyu wa Mbagala. Lengo lake lilikuwa milioni 17 kwa mwezi, na alikuwa mtu wa kulifikia. Mwezi ule akaleta milioni 11.8. Ofisini maneno yakaanza: amelewa mafanikio, ana kazi nyingine pembeni, kijana kachoka. Ningemwita siku ileile ningemrudishia maneno hayohayo.

Badala yake nilikaa na daftari Jumapili jioni nikaivunja ile milioni 11.8. Mauzo ya ruti yana vipande vitatu tu: ameingia maduka mangapi kwa siku, katika hayo mangapi yametoa oda, na kila oda ina thamani gani. Zidisha maduka yaliyoagiza kwa thamani ya oda, kisha zidisha kwa siku za kazi. Miezi yake mizuri alikuwa anapita maduka 30 kwa siku, 18 yanaagiza, oda moja kama shilingi 40,000. Hiyo ni 720,000 kwa siku, na kwa siku 24 inapita kidogo milioni 17. Mwezi mbaya alipita maduka 28. Oda moja ilikuwa 41,000. Lakini yaliyoagiza ni 12 tu.

Oneni hapo. Miguu haijapungua, kwa hiyo uvivu si jibu la haraka. Thamani ya oda haijapungua, kwa hiyo anayenunua bado ananunua kama zamani. Kilichoanguka ni idadi ya wanaosema ndiyo. Nikagawa tena kwa siku, na hapo ndipo nilipokaa wima. Siku nne za wiki alikuwa anapata maduka 15. Jumanne na Alhamisi alikuwa anapata 6.

Hali ya hewa ya biashara haichagui Jumanne na Alhamisi. Kuna kitu katika mitaa ya siku hizo mbili. Sikujua ni nini, na ni vizuri sikujua, maana ningefika kikaoni na jibu mfukoni.

Kikao tulikifanya chumba cha hesabu, mhasibu alikuwa ametoka. Simu yangu nikaizima mbele yake. Nikamwambia tangu mwanzo: "Mdogo wangu, tuna dakika arobaini. Nataka tujue Jumanne na Alhamisi kuna nini, na tukitoka hapa tuwe tumekubaliana tunafanya nini wiki hii." Usimwache mtu akae anahesabu moyoni kama anafukuzwa. Mwenye hofu hiyo hasikii unachouliza, anatafuta mlango.

Nikamuuliza anaonaje mwenyewe. Jibu mnalijua: "Biashara mbaya bosi, mtaani hela hakuna." Msibishane na jibu hilo. Mkibishana mnaingia kwenye mjadala wa uchumi wa nchi, na hapo mtakaa mpaka adhuhuri. Nilimwomba kitu kidogo zaidi: "Nipeleke kwenye duka la mwisho uliloingia Alhamisi. Ulifika, ukasimama wapi, ukamkuta nani?"

Akaanza. Ni duka la mama mmoja, kona ya kuingia Charambe. Alimkuta anapima unga. Akasalimia. Mama akasema leo hataki kitu. Nikamuuliza, "Alisema hivyo hivyo, 'sitaki kitu'?" Akanyamaza kidogo, akachezea kifuniko cha kalamu. Kisha akasema: "Alisema, 'Kwanza leteni ile ya wiki iliyopita.'"

Hapo nilinyamaza. Naomba mnisikie vizuri kwenye hili, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoharibu. Ukimya ule unauma, unataka kuuziba kwa nasaha. Nilihesabu moyoni mpaka nane hivi, na akaendelea mwenyewe. Kumbe kenta ya upande ule ilikuwa imebadilishiwa zamu. Oda za Jumanne na Alhamisi zilikuwa zinafika saa mbili usiku, maduka yamefungwa, mzigo unarudi stoo. Wengine walikuwa wanaletewa pungufu. Mangi hasubiri, anatuma kijana na bodaboda kwenda kununua kwa jumla. Na kijana wangu, kwa aibu, alikuwa ameacha kuingia. Anasalimia kutoka barabarani, mwenye duka anapunga mkono, yeye anabonyeza kwenye simu kwamba amepita. Ndiyo maana hesabu ya maduka 28 ilionekana nzuri. Nilikuwa naihesabu miguu, na miguu ilikuwa barabarani.

Kwa nini hakusema mapema? Nilimuuliza, bila ukali. Alisema alimwambia mtu wa stoo mara mbili, na mimi alikuwa ananiona niko bize. Hilo nililimeza.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa na sehemu mbili: moja ya kwetu ofisini, moja yake. Ningelichukua lote kwangu, angetoka ameshinda lakini maduka yale yangebaki bila mtu wa kuyaingia. Ningemrundikia lote yeye, angeingia madukani kuahidi mzigo ambao bado ungefika usiku, na huko ni kumuua kabisa mtaani.

Zilikuwa zimebaki dakika kama kumi na tano. Nikamwuliza, "Tunaanzia wapi?" Akasema, "Nitaongeza juhudi." Ndugu zangu, hilo si jambo la kukubaliana. Kipimo changu ni hiki: kama siwezi kusimama mlangoni kesho jioni nikaona limefanyika au halikufanyika, bado hatujakubaliana. Vilevile jihadharini na "sawa bosi". Kwetu ni adabu, mdogo hambishii mkubwa, kwa hiyo sawa hiyo haina maana kwamba amekubali wala kwamba ameelewa. Nilichofanya ni kumpa kalamu na daftari aandike yeye, kwa maneno yake, kisha anisomee. Mtu akiandika jambo asiloliamini utaliona kwenye kalamu, inaenda polepole.

Aliandika hivi. Kesho Jumanne ataingia maduka tisa tuliyoyachagua pamoja, yale yaliyokuwa wateja wazuri. Ataingia ndani, hatauza, atauliza tu ni mzigo gani haukufika na ataandika. Orodha itanifikia kabla ya saa kumi jioni. Alianza na kumi na tano, nikapunguza. Tisa anaziweza akiwa na nafasi ya kukaa na kusemwa, maana alikuwa anakwenda kusemwa.

Langu nililiandika mimi chini ya lake, kwenye ukurasa uleule: leo kabla ya saa sita mchana naongea na stoo, kenta ya upande ule iondoke kabla ya saa tatu asubuhi kila Jumatano na Ijumaa. La tatu lilikuwa letu wote: Alhamisi naingia naye maduka manne ya kwanza, mimi nikiwa kimya. Basi. Mambo matatu. Niliwahi kutoka kikaoni na mambo tisa na yule mtu hakufanya hata moja. Hakuwa mkaidi, alikosa pa kuanzia.

Kipimo tulichokubaliana kilikuwa maduka yanayoagiza Jumanne na Alhamisi, kutoka 6 hadi 10, ndani ya wiki mbili. Sikumpa milioni, maana mauzo ya mwezi yanachelewa kusema. Kwa nini wiki mbili na si moja? Ruti yake ina maduka 180, kila duka linapitiwa mara moja kwa wiki. Wiki ya kwanza anakwenda kuomba radhi, wiki ya pili ndiyo anaweza kuomba oda. Ukimpima baada ya siku saba unapima radhi.

Kabla hajanyanyuka alipiga picha ule ukurasa akanitumia, tukaweka na siku ya kukutana tena, Jumatatu baada ya wiki mbili, saa mbili na nusu.

Neno moja la pembeni kabla sijamaliza. Kikao cha namna hii hakifai kwa kila tatizo. Kama fedha za makusanyo zimepotea, hilo ni jambo la nidhamu na lina utaratibu wake, usilifunike kwa mazungumzo ya kusaidiana. Na kama unaona mnaelekea kuachana kwa sababu ya utendaji, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini zinakutaka uchunguze sababu, umpe mwongozo, na umpe muda wa kutosha kujirekebisha. Daftari lenye mwandiko wake na wako litakusaidia huko pia, lakini usikae naye ukiwa unakusanya ushahidi. Anajua. Watu wanajua.

Mnataka kusikia mwisho wake. Jumanne orodha ilikuja saa kumi na robo, maduka manane, la tisa lilikuwa limefungwa. Duka moja lilikuwa linadai katoni mbili za sabuni tangu wiki tatu. Alhamisi tuliingia wote, na kwenye duka la pili yule mama wa Charambe alituita wezi, mbele ya wateja, na kijana wangu akasimama akasikiliza mpaka mwisho. Baada ya wiki mbili alifika 9, si 10. Maduka mawili yalikuwa yameshahamia kwa msambazaji mwingine na hayakurudi.

Jumatatu ile ya pili niliingia na karatasi yangu ya hesabu mkononi, nikitaka kuanza na ile 9. Yeye alikuwa ameshakaa, daftari limefunguliwa kwenye ukurasa wetu. Akaweka kidole kwenye mstari wangu. "Bosi, tuanze na hili lako," akasema. "Ijumaa kenta iliondoka saa tano."